Alikimbia kasi ileile ya mshindi, akamaliza wa nne: uchambuzi wa mbio moja ya mita 800

Mkimbiaji ninayemzungumzia ni msichana wa sekondari. Muda wake bora wa mita 800 wakati huo ulikuwa 2:18, na mita 400 peke yake alikuwa akizikimbia kwa sekunde 61. Katika fainali hii hakukuwa na msichana mwingine aliyeshuka chini ya sekunde 63 kwenye mita 400. Mbio zilianza polepole, na mbio za polepole humfaa mwenye kasi. Kila mtu aliyemjua alitarajia angeshinda. Alimaliza wa nne kwa 2:21.3, na mshindi alitumia 2:19.6.

Waliokuwa pembeni walisema mambo mawili: kwamba hana pumzi, na kwamba hana mchomoko wa mwisho. Maelezo ya namna hiyo husikika baada ya karibu kila mbio za mashule, na matokeo yake ni kwamba wiki inayofuata mtoto anaongezewa mizunguko ya kumjenga pumzi na mita 200 za kumjenga kasi, kisha anarudi kwenye mbio na kushindwa vilevile. Kwa bahati nzuri mbio hizi zilirekodiwa kwa simu kutoka jukwaani, kamera ikiwafuata mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo niliweza kupima. Vipimo vilionyesha jambo tofauti kabisa.

Kwanza tuukumbuke uwanja wenyewe, kwa sababu kisa chote kimo humo. Uwanja wa kawaida wa mita 400 una minyoosho miwili ya takriban mita 84 kila mmoja na kona mbili za takriban mita 116 kila moja, ukipima kwenye leni ya kwanza. Yaani sehemu kubwa ya mzunguko ni kona. Mita 800 ni kona nne. Mkimbiaji anaanza kwenye leni yake, anamaliza kona ya kwanza humo, na kwenye mstari wa kuachia leni ndipo anaruhusiwa kuingia ndani. Leni ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa ndani. Kila mita moja unayosogea nje ya mstari huo wa kipimo inakuongezea zaidi kidogo ya mita 3 kwa kila kona. Hesabu yake ni nyepesi: kona ni nusu duara, kwa hiyo zidisha umbali uliosogea nje kwa 3.14. Kwenye mnyoosho, kusogea nje hakugharimu karibu chochote.

Sasa tuiangalie mbio yenyewe.

Alipangwa leni ya sita. Alipofika mstari wa kuachia leni alikata ghafla kuelekea ndani, akafika kwenye ukingo ndani ya mita 20 hivi. Wanafunzi wengi hufanya hivyo, kwa sababu wameambiwa kwamba ndani ni kufupi, basi wanataka kufika ndani haraka. Lakini mtu anayetoka leni ya sita ana mnyoosho mzima wa kuingia. Akilenga mahali kona ya pili inapoanzia, mita zaidi ya 80 mbele, mshazari huo unamwongezea sentimita 20 tu au zaidi kidogo. Akikata ndani ya mita 20 anaongeza karibu mita nzima. Mita moja si kitu cha kulilia. Tatizo ni kwamba wenzake wa leni za ndani wako palepale, kwa hiyo anaingia katikati ya msongamano na kujikuta mahali ambapo hakupachagua. Huyu alijikuta wa tatu, amebana ukingo, na msichana mwingine akiwa begani kwake upande wa nje.

Hapo ndipo mbio ziliposhindwa, ingawa zilikuwa zimebaki mita 650. Hakuna aliyeona, kwa sababu alionekana yuko pazuri: wa tatu, njia fupi, anakimbia kwa utulivu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ililia mshika uongozi akipita kwa sekunde 69, yeye 69.3. Kwenye kona ya tatu wasichana wawili walipanda kutoka nyuma kwa upande wa nje. Walipotoka kwenye kona na kuingia mnyoosho wa upande wa pili, alikuwa amefungiwa: mbele yake mgongo, kuliani kwake bega, kushotoni ukingo. Aliangalia kulia mara mbili. Kwenye picha unaona kabisa kichwa kinageuka, kisha mikono inapoteza mpangilio kwa hatua mbili tatu.

Karibu na mita 570 aliamua kutoka. Alipunguza mwendo, akawaacha walio nje wapite, akazunguka nyuma yao. Alipopita mita 600 alikuwa sekunde 0.7 nyuma ya mshika uongozi, yaani mita 4 hivi. Kisha akaanza kuchomoka, na hapohapo kona ya mwisho ikaanza. Aliikimbia kona nzima akiwa safu ya tatu, karibu mita 2 nje ya njia fupi. Hizo ni mita 6 za ziada.

Hivi ndivyo mita 200 za mwisho zilivyokwenda. Mshindi alitumia sekunde 20.3 kwenye kona na 14.3 kwenye mnyoosho, jumla 34.6. Msichana wetu alitumia 20.0 kwenye kona na 15.6 kwenye mnyoosho, jumla 35.6. Ukiangalia saa peke yake, alizidiwa kwa sekunde nzima. Lakini yeye hakukimbia mita 200, alikimbia mita 206. Gawanya: mshindi alikwenda mita 5.78 kwa sekunde, yeye 5.79. Kasi yao ilikuwa ileile. Na kwenye kona alikuwa anakwenda mita 6.1 kwa sekunde dhidi ya 5.7 za mshindi, juhudi kubwa ajabu kwa mtu aliyekwisha kukimbia mita 600, na zawadi aliyopata ni kupunguza pengo kwa sekunde 0.3 tu. Alipoingia mnyoosho wa mwisho hakuwa na kitu mguuni.

Sizichukui tarakimu hizi kuwa sahihi mpaka nukta ya mwisho. Picha ya simu ina makosa yake, na mita 2 nje ni makadirio ya macho kwa kutumia upana wa leni, ambao ni mita 1.22. Hata nikikosea kwa nusu mita, maana haibadiliki. Mtoto huyu hakukosa pumzi wala mchomoko. Mchomoko alikuwa nao, akautumia mahali ghali kuliko pote uwanjani, kwa sababu mahali rahisi palikuwa pamefungwa. Na palifungwa tangu alipoingia ndani bila kuchagua.

Kwa hiyo kazi ya wiki zilizofuata haikuwa kumwongezea mizunguko. Ilikuwa kumfundisha kukaa mahali ambapo uamuzi unabaki kuwa wake.

Tulianza kwa kuangalia picha pamoja. Sikumweleza alichokosea. Nilisimamisha picha mahali patatu, baada ya mstari wa kuachia leni, katikati ya kona ya tatu, na mita 560, na kila mahali nikamuuliza: ukitaka kwenda sasa hivi, utapitia wapi? Mahali pa kwanza alijibu haraka: "Pale nje, kabla huyu hajafika." Mahali pa pili alisita. Mahali pa tatu alinyamaza, halafu akasema, "Mwalimu, hapa sina njia." Nikamwambia basi turudi nyuma mpaka tuipate ya mwisho aliyokuwa nayo. Tukaipata kwenye mita 380, kabla ya kengele. Kuanzia hapo alielewa kwamba kosa halikuwa la mita 570. Nadhani kazi hii ya dakika kumi mbele ya skrini ndogo ilifaa kuliko hotuba yoyote, kwa sababu jibu lilitoka kwake.

Kisha tukaingia uwanjani kujifunza nafasi. Nafasi ninayoifundisha ni ya pili, au ya tatu kama mbio zina watu wengi, ukiwa nusu hatua nyuma ya bega la nje la aliye mbele. Usiwe nyuma yake moja kwa moja, wala usiwe sambamba naye. Mstari wako wa macho upite pembeni ya bega lake la kulia. Ukiwa hapo hakuna anayeweza kukufungia bila kuzunguka nje yako, naye ndiye atakayelipa mita. Ukiwa hapo pia unaona miguu ya mbele bila kuikanyaga. Wanafunzi wengi hukodolea macho visigino vya aliye mbele, na mwendo unapobadilika ghafla wanajikwaa kwenye spaiki. Mfundishe aangalie kiuno na mgongo. Mwendo hubadilika kiunoni kabla haujafika miguuni.

Kuna mtego katika fundisho hili, na makocha wengi huuingia. Mwanafunzi akishaambiwa "kaa begani" anakaa begani kona zote tatu zinazofuata baada ya kuachia leni. Kama amesogea mita moja nje, hizo ni zaidi ya mita 9 kwa mbio nzima, na katika mita 800 za sekondari mita 9 zinatosha kumtoa kwenye nafasi ya pili hadi ya sita. Kwa hiyo bega ni nafasi ya mnyoosho. Kwenye kona unaingia nyuma, karibu na ukingo, unapumzika. Kwenye mnyoosho unatoka nusu leni, unachungulia, unakuwa huru. Kuingia na kutoka huko kunafanywa taratibu kwa hatua tano au sita, bila kubadili mwendo.

Isipokuwa kona moja: ya tatu, ile inayofuata baada ya kengele. Hapo nilimwambia alipe. Sababu ni hii. Baada ya kona hiyo kuna mnyoosho wa upande wa pili, na ni hapo wengi huamua kupanda. Ukitoka kwenye kona ya tatu ukiwa umebana ukingo, unafungiwa na watu wanaokuja kwa kasi kutoka nyuma, kama ilivyotokea. Ukitoka ukiwa mita moja nje, umelipa mita 3, lakini wanaopanda lazima wapite nje yako zaidi, na wewe unaweza kuongeza mwendo kidogo uwazuie au uende nao. Mita 3 hizo ni nafuu kuliko kufunga breki na kuanza upya, ambako kulimwacha mita 4 nyuma na kumgharimu nguvu za kujisukuma tena kutoka kwenye mwendo wa chini. Katika kona zote nne, hii ndiyo pekee ambayo mimi huona inastahili kununuliwa.

Mazoezi ya nafasi tuliyafanya kwa mwendo wa mbio lakini kwa umbali mfupi, ili akili iwe na nafasi ya kufanya kazi. Watu watano au sita wanakimbia mita 600 kwa mwendo wa mita 800. Kabla ya kuanza namnong'oneza kila mmoja agizo lake. Mmoja aongoze na apunguze mwendo kwenye mita 250. Mmoja apande kwa nguvu kwenye mita 350. Mmoja akae begani kwa msichana wetu na asiondoke. Yeye hajui nani ameambiwa nini. Anachoambiwa ni kitu kimoja tu: ikifika mita 450 uwe na njia. Siku ya kwanza alifungiwa kila mara. Hilo ni jambo zuri, kwa sababu kufungiwa mazoezini ni bure.

Humohumo tulijifunza kutoka ukiwa umefungiwa, maana itatokea hata kwa mjuzi. Njia ya kwanza ni kusubiri. Aliye begani kwako naye anachoka, na wanaokimbia nje hawakai pale milele. Njia ya pili ni kulegeza hatua mbili na kutoka nyuma, lakini ifanyike mapema na kwenye mnyoosho, kamwe isiwe mita 20 kabla ya kona. Njia ya tatu ni kungoja mwisho wa kona ya mwisho. Wanaoongoza wakiwa wamechoka na wanaongeza kasi, miili yao husukumwa nje wanapotoka kwenye kona, na mara nyingi uwazi unatokea mbele yako bila kuuomba. Njia hiyo ni ya kubahatisha, na kupenya kwenye ukingo kuna hatari ya kukanyaga ndani au kugongana. Kusukuma kwa kiwiko si njia. Mwamuzi akiona umemzuia au umemsukuma mwenzako anaweza kukuondoa kwenye matokeo, na wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi.

Baada ya nafasi ikaja kona yenyewe. Huyu alikuwa anaikimbia kona kama mnyoosho uliopinda: kifua wima, mikono sawasawa, miguu ikipigana na mvuto wa kwenda nje. Ukitazama nyayo zake kwenye nyasi zenye umande ungeona hatua zinaachana na mstari taratibu hadi nusu mita, kisha zinarudi kwa ghafla, kisha zinaachana tena. Kila kurudi ni breki ndogo.

Marekebisho yalikuwa machache. Mwili uegemee ndani kidogo, kuanzia kifundo cha mguu na si kiunoni, maana anayejipinda kiunoni anafunga paja la kushoto. Mkono wa kulia upige mbali kidogo kuliko wa kushoto na uelekee katikati ya mwili. Macho yatazame mita 10 au 15 mbele kwenye mstari, si mguuni. Mguu ugonge chini upesi, hatua iwe fupi kidogo tu kuliko ya mnyoosho. Tulizifanya kwa kukimbia mita 120 zikianzia mnyoosho na kuingia kona, kwa mwendo wa mita 800, koni ndogo zikiwa zimepangwa sentimita 30 kutoka ukingoni kila baada ya mita 10. Kazi yake ilikuwa kupita kando ya koni bila kuzigusa na bila kuziacha mbali. Kwenye uwanja wa nyasi wenye mistari iliyochorwa kwa mkono, kona mara nyingi huwa kali kuliko za uwanja wa kawaida, na hapo kuegemea kunahitajika zaidi. Mkimbiaji apite kwenye kona hizo siku ya mashindano kabla ya mbio, azijue.

Kisha kanuni ambayo ningependa kila mwanafunzi wa mita 800 na 1500 aijue kwa moyo: kona ya mwisho si mahali pa kumpita mtu mwenye nguvu. Mshika uongozi aliye kwenye ukingo akiona unakuja, anaongeza mwendo kidogo tu, nawe unabaki nje ukilipa kila hatua, kama gari dogo linalotaka kulipita lori katikati ya kona. Mpite kwenye kona ikiwa tu ameanza kufa, yaani mabega yamepanda, kichwa kinayumba, na hatua zimefupika. Vinginevyo kaa nyuma yake, ngoja kona ikutupe nje yenyewe.

Kanuni hii ina upande wa pili. Ukiwa wewe ndiye uliye mbele, ongeza mwendo kidogo unapoingia kona, ili anayetaka kukupita alipe. Fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ni somo zima la jambo hili. Matthew Centrowitz alishinda kwa 3:50.00, muda wa polepole sana kwa fainali ya Olimpiki, na mzunguko wake wa mwisho ulikuwa kama sekunde 50 na nusu. Karibu mbio nzima alikuwa mbele, amekaa ukingoni. Waliokuwa nyuma yake walikuwa na kasi kubwa, lakini kila aliyejaribu alilazimika kukimbia mbali zaidi yake.

Halafu mchomoko. Hapa ndipo wanafunzi huamini hisia zao, na hisia hudanganya. Kuchomoka mapema kunajisikia kama kasi. Tuliupima. Anakimbia mita 400 kwa mwendo wa mbio, sekunde 69, anapumzika dakika moja, kisha mita 200. Koni ziko kila mita 50 na mtu anasoma saa. Siku moja alichomoka tangu mita ya kwanza ya hizo 200: vipande vyake vilikuwa sekunde 8.0, 8.1, 8.9 na 9.7, jumla 34.7. Wiki iliyofuata, katika hali ileile, nilimwambia ashike mwendo kwa mita 100 na ndipo aachie: 8.6, 8.5, 8.1 na 8.3, jumla 33.5. Alisema mara ya pili alijiona mzito mwanzoni na hakuamini saa. Sekunde moja na zaidi, bila kuongeza hata chembe ya mazoezi ya kasi. Pumziko la dakika moja linampendelea kuliko mbio halisi, kwa hiyo tarakimu zisichukuliwe kama utabiri. Zinachofaa ni kulinganisha yeye na yeye mwenyewe.

Kipimo hiki kila mwanafunzi afanyiwe, kwa sababu umbali wa mchomoko si mmoja kwa wote. Mwenye asili ya mita 400 kwa kawaida ana mchomoko mkali wa mita 80 hadi 100. Mwenye asili ya mita 1500 au 3000 hana ukali huo, lakini anaweza kupandisha mwendo tangu mita 300 na kuushikilia, na huyo akingoja mnyoosho wa mwisho na wenye kasi amejifunga mwenyewe. Unachokitafuta ni mahali kipande cha mwisho cha mita 50 kinapoanza kuporomoka. Kikiwa polepole kuliko cha kwanza kwa sekunde nzima, amechomoka mapema. Kikiwa sawa au haraka zaidi na bado anacheka baada ya kumaliza, alichelewa.

Kwa huyu tuliugawa mchomoko sehemu mbili. Kwenye mita 600, kona ya mwisho inapoanza, mikono tu inaongeza kazi na mwendo haushuki. Wenzake wengi hapo hushuka, kwa hiyo kutoshuka peke yake kunamsogeza. Karibu mita 690, bado yuko nyuma ya mtu na ndani ya kona, anaanza kukaza. Anapotoka kwenye kona anaiacha kasi imsukume nje hadi leni ya pili, na hapo anaachia kila kitu.

Kutoshuka ndiko kunakoonekana kama mchomoko kwa watazamaji. Dave Wottle alishinda mita 800 za Olimpiki ya Munich mwaka 1972 kwa 1:45.86, akimpita Yevhen Arzhanov kwa sekunde 0.03 kwenye mstari, na Mkenya Mike Boit akawa wa tatu. Mwanzoni Wottle alikuwa wa mwisho, mbali na kundi. Aliyeitazama anakumbuka mtu aliyefyatuka mwishoni. Lakini vipande vyake vya mita 200 vinatajwa kuwa karibu sekunde 26.4, 26.9, 26.4 na 26.2. Hakufyatuka sana. Wengine walipungua, yeye hakupungua. Simshauri mwanafunzi yeyote akae wa mwisho namna ile, kwa sababu kulipita kundi zima kunahitaji mbio zenye bahati, lakini vipande vile vinne nimevitumia mara nyingi kumweleza mwanafunzi maana ya kushikilia mwendo.

Mashindano yaliyofuata alipangwa leni ya tatu. Aliingia ndani kwa mshazari mrefu, akafika kona ya pili akiwa wa tatu na bega likiwa huru. Kengele ililia kwa sekunde 68. Kona ya tatu aliilipa, mita moja nje, na msichana aliyejaribu kupanda kwenye mnyoosho wa upande wa pili alilazimika kuzunguka leni ya pili na nusu, akachoka, akarudi nyuma. Mita 600 alipita kwa 1:43.5, wa pili. Akaingia nyuma ya mshika uongozi kama tulivyopanga. Alitoka kwenye kona akiwa hatua moja nyuma, na hapo akangoja zaidi ya ilivyopasa. Aliachia kila kitu zikiwa zimebaki mita 60 hivi badala ya 85, akawa anamkaribia kila hatua, akamaliza wa pili kwa 2:17.8. Mshindi alikuwa na 2:17.5. Mita 200 zake za mwisho zilikuwa sekunde 34.3, na alipovuka mstari bado alikuwa na nguvu, jambo ambalo lilionekana kwa jinsi alivyosimama wima bila kushika magoti.

Nilipomuuliza kwa nini alingoja, alisema aliogopa kufa tena kwenye mnyoosho kama mara ile. Woga huo una mantiki, na kumkaripia hakungeuondoa. Unaondolewa na kurudia: mita 300 kwa mwendo wa mbio nyuma ya mwenzake, akitakiwa kuanza kupita anapokanyaga koni iliyowekwa mahali kona inapoishia, si hatua moja kabla wala baada, mara tatu au nne kwa siku moja ya wiki na si zaidi. Koni haimuulizi anajisikiaje.

Kuna mbio ambazo mbinu hizi hazitamsaidia, na nimemwambia hivyo. Akitokea msichana mwenye uwezo wa 2:10 na akaenda kwa sekunde 63 mzunguko wa kwanza, hakutakuwa na bega la kukaa wala mtu wa kumngoja. David Rudisha aliwafanyia hivyo wenzake wote London mwaka 2012: alipita mita 400 kwa sekunde 49.28 akiwa mbele, akamaliza kwa 1:40.91, na hakuna aliyepata nafasi ya kumfanyia hesabu. Siku kama hiyo msichana wetu akimbie mwendo wake mwenyewe, sekunde 67 au 68 kwa mzunguko wa kwanza, akae kwenye ukingo kona zote nne, na awawinde wale watakaomfuata kiongozi na kuchoka njiani. Watakuwa wanaanza kushuka kwenye mnyoosho wa upande wa pili, kati ya mita 515 na 600, na hapo kupita hakugharimu mita hata moja.